Mbona anodi za kaboni zinaisha? Alumini inavyotolewa kwenye alumina kwa umeme

Ukimuuliza mtu yeyote aliyepita kwenye kemia ya sekondari kwanini anodi za kaboni kwenye kiwanda cha alumini lazima zibadilishwe kila baada ya muda, jibu linakuja haraka: oksijeni inatoka kwenye anodi, inakuta kaboni ina joto kali, kaboni inaungua, basi. Kwenye mtihani unapata maksi zako. Lakini jibu hilo linaifanya kaboni ionekane kama ajali tu, yaani kitu kimesimama karibu na moto kikaungua kwa bahati mbaya, na mtu anabaki na swali ambalo hakuna anayemjibu: sasa kama inaungua hivyo, si watumie kitu kingine kisichoungua? Tangu njia hii igunduliwe 1886 hadi leo hawajakosa akili ya kuwaza hilo. Ukweli ni kwamba kaboni ile ni malighafi. Inaliwa kwa sababu kuliwa kwake ndo sehemu ya kazi yenyewe, na inalipa sehemu ya bili ya umeme. Ntaeleza hiyo taratibu, ila kwanza tuweke sawa kile kinachotokea ndani ya seli, yaani lile sanduku ambamo umeme unaitoa alumini.

Kuna neno la Kiswahili linatuchanganya hapa mapema kabisa. Tunasema barafu imeyeyuka, alafu tunasema chumvi imeyeyuka kwenye maji, neno lile lile, wakati ni vitu viwili tofauti kabisa. Barafu imegeuka kimiminika kwa sababu ya joto. Chumvi haikufika hata karibu na joto lake la kuyeyuka, imemumunyika tu, imesambaratika ndani ya kimiminika cha mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba alumina, yaani oksidi ya alumini, "inayeyushwa kwenye kriolaiti" anaona picha ya alumina ikipashwa mpaka inakuwa uji, na hapo ameshapotea. Alumina peke yake inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 2,070 hivi za Selsiasi. Hakuna seli ya kiwanda itakayoishi kwenye joto hilo siku baada ya siku. Kriolaiti, ambayo ni chumvi ya sodiamu, alumini na floridi yenye formula Na3AlF6, yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi kama 1,010, na ukiichanganyia floridi ya alumini na floridi ya kalsiamu kidogo inakubali kuwa kimiminika chini ya hapo, ndo maana seli nyingi zinafanya kazi kwenye nyuzi 960 hivi. Alumina inamwagwa humo kama unga mweupe na inamumunyika. Kiasi chake kwenye kimiminika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi asilimia 2 mpaka 4 ya uzito, na kila inavyotumika inaongezwa nyingine kidogo kidogo.

Na kwanini wahangaike na chumvi za moto, kwanini wasitumie tu maji kama kwenye kupaka metali nyingine kwa umeme? Kwa sababu kwenye maji haidrojeni inakubali elektroni kirahisi kuliko alumini. Ukipitisha umeme kwenye maji yenye chumvi ya alumini utapata mapovu ya haidrojeni kwenye kathodi na alumini itabaki imetulia mle mle kwenye maji. Lazima upate kimiminika kisicho na haidrojeni kabisa.

Waliofikia jibu walikuwa wawili, kila mmoja kivyake, mwaka mmoja: Charles Martin Hall kule Oberlin, Marekani, na Paul Héroult kule Ufaransa, 1886, wote wawili wamezaliwa 1863 na wote wakafa 1914 (hii huwa inanishangaza kila nikiikumbuka). Kisa cha Hall kina funzo la kemia ndani yake. Mwanzoni alifanyia jaribio kwenye chungu cha udongo na alumini haikutoka kama alivyotaka, manake kriolaiti ya moto ilikuwa inaula ule udongo, silika ikawa inaingia kwenye mchanganyiko na kuharibu kila kitu. Alipoweka ngozi ya kaboni ndani ya chungu, ndo akapata vipande vya alumini. Shikilia hapo, kwamba kriolaiti inamumunya oksidi za karibu kila kitu. Hiyo ndo sifa iliyofanya ichaguliwe, na sifa hiyo hiyo ndo inayofanya iwe vigumu kupata anodi nyingine mbali na kaboni. Tutarudi huko.

Sasa seli yenyewe. Fikiria sanduku refu la chuma, ndani limejengewa matofali ya kuzuia joto na chini limelazwa matofali ya kaboni. Juu ya sakafu hiyo ya kaboni kuna dimbwi la alumini iliyoyeyuka. Juu ya alumini kuna kimiminika cha kriolaiti chenye alumina ndani. Juu zaidi kuna ganda gumu la kriolaiti iliyoganda na unga wa alumina, linasaidia kufunika joto lisitoke. Na kutoka juu zimening'inia anodi, ambazo ni matofali makubwa ya kaboni, yamepigwa nondo za chuma juu na yamezamishwa kwenye kriolaiti mpaka yamebakiza kama sentimita 4 au 5 tu yaguse dimbwi la alumini. Alumini kwa joto hilo ina densiti kama 2.3 na kriolaiti kama 2.1, kwa hiyo alumini inakaa chini, kwa tofauti ndogo sana ukiangalia. Pembeni kwenye kuta kriolaiti inaachwa igande kwa makusudi, ukuta wa kriolaiti kuilinda seli dhidi ya kriolaiti, kwa sababu hakuna tofali litakalovumilia kile kimiminika kwa muda mrefu.

Watu wengi wanaamini kathodi ni ile sakafu ya kaboni. Kiuhalisia ni uso wa juu wa dimbwi la alumini, pale ndo elektroni zinapokabidhiwa, sakafu inapitisha tu umeme. Na hili linajibu swali ambalo linafanana na la kwetu: kwanini kaboni ya chini inakaa miaka kadhaa wakati ya juu haimalizi hata mwezi mzima? Yote ni kaboni, yote iko kwenye joto lile lile. Jibu ni kwamba oksijeni haiendi chini. Chini kunatoka metali, na juu ya kaboni hiyo kumelala alumini yenyewe kama blanketi. Kama ingekuwa joto tu ndo linaunguza kaboni basi zingeisha pamoja.

Vitabu vinaandika kwamba alumina inagawanyika kuwa ioni za Al3+ na O2-, Al3+ zinashuka kwenye kathodi, O2- zinapanda kwenye anodi. Kwa kuhesabu inatosha. Lakini ndani ya kriolaiti hakuna O2- inayoogelea peke yake wala Al3+ iliyo uchi, alumini imeshikwa na floridi, na oksijeni imekaa katikati ya alumini na floridi kwenye ioni kubwa kubwa kama Al2OF6 yenye chaji hasi mbili. Na cha ajabu zaidi ni kwamba umeme wenyewe mle ndani unabebwa kwa sehemu kubwa sana na ioni za sodiamu, ndo zinazokimbia. Zinafika karibu na kathodi zinakuta alumini inakubali elektroni kwa volti ndogo kuliko sodiamu, basi alumini ndo inapokea na sodiamu inabaki ioni. Yaani mbebaji sio anayepokelewa. Sijui kwanini hili huwa halisemwi darasani, linaondoa maswali mengi.

Haya, tupande kwenye anodi.

Kile kinachotokea pale, ukikusanya seli nzima, kinaandikwa hivi:

2Al2O3 + 3C → 4Al + 3CO2

Iangalie vizuri. Kaboni iko upande wa kushoto, pamoja na alumina. Imeandikwa kama kitu kinachoingia kwenye mmenyuko, sio kama chombo. Ioni yenye oksijeni ikifika kwenye uso wa anodi haitoi gesi ya oksijeni ikaelea kidogo alafu ikaamua kuunguza kaboni. Oksijeni inashikana na atomu za kaboni pale pale juu ya uso, wakati huo huo elektroni zinavyoondoka, na kinachoachia na kuwa povu ni dioksidi ya kaboni moja kwa moja. Ile hadithi ya hatua mbili, oksijeni kwanza alafu moto baadaye, ni ya kurahisisha, na tatizo lake ni kwamba inaficha volti.

Manake hesabu ya volti ndo inayoonyesha kaboni inafanya nini. Ukitaka kuvunja alumina iwe alumini na gesi ya oksijeni kwenye nyuzi 960, kwa kanuni za nishati unahitaji angalau kama volti 2.2. Ukiivunja iwe alumini na dioksidi ya kaboni unahitaji kama volti 1.2 tu. Volti moja nzima imepungua. Imeenda wapi? Imelipwa na kaboni. Kaboni ikishikana na oksijeni inatoa nishati, ile ile ambayo kwenye jiko inatoka kama joto, ila hapa sehemu kubwa yake inasaidia moja kwa moja kuivuta oksijeni kutoka kwa alumini, kabla hata haijawa joto. Ukiambiwa oksijeni inatoka kwanza ikiwa gesi na ndo kaboni inaungua, basi ungekuwa umeshalipa volti 2.2 zako na moto wa kaboni ungekupa joto tu. Vipimo vya seli vinasema hulipi hizo 2.2, kwa hiyo mambo hayaendi hivyo.

Kiuhalisia seli haiendeshwi kwa volti 1.2, inaendeshwa kwa kama 4.2. Zaidi kidogo ya 1.2 ndo ya mmenyuko, kama nusu volti inaliwa kwenye uso wa anodi kwa sababu kaboni na oksijeni hazishikani bila kusukumwa, kama volti moja na nusu inapotelea kwenye ile sentimita 4 au 5 ya kriolaiti kwa sababu ina ukinzani, na inayobaki inapotea ndani ya kaboni yenyewe na kwenye nyaya na viungo. Zinazopotea kwenye ukinzani zinageuka joto, na joto hilo ndo linaifanya kriolaiti ibaki kimiminika, hakuna moto mwingine unaowashwa chini. Kwa hiyo huwezi tu kusema ntapunguza nafasi ya anodi na alumini niokoe umeme, ukipunguza sana seli inapoa, na mawimbi ya alumini chini yanaanza kugusa anodi.

Sasa tupige hesabu ya seli moja kwa siku moja, seli ya ampia 300,000, ambayo ni saizi ya kawaida kwa viwanda vya kisasa.

Ampia 300,000 kwa sekunde 86,400 ni kulombu kama bilioni 25.9. Gawanya kwa 96,485 unapata moli za elektroni kama 268,600. Kila atomu ya alumini inataka elektroni 3, kwa hiyo moli 89,500 za alumini, zidisha kwa gramu 27 unapata kama kilo 2,416. Hiyo ingekuwa alumini ya siku kama kila elektroni ingefanya kazi yake. Kaboni je? Kila atomu ya kaboni ikigeuka dioksidi ya kaboni inaachia elektroni 4, kwa hiyo moli 268,600 gawanya kwa 4 ni kama 67,150, mara gramu 12, unapata karibu kilo 806. Yaani thuluthi moja ya uzito wa alumini. Kilo 3 za alumini, kilo 1 ya kaboni, na hiyo ni kwa kanuni, hata ukiwa na anodi bora kuliko zote duniani na fundi asiyekosea. Hakuna namna ya kuikwepa ukiwa unatumia kaboni.

Ila alumini haitoki 2,416. Sehemu ndogo ya metali inamumunyika kwenye kriolaiti, inapanda, inakutana na mapovu ya dioksidi ya kaboni na inarudi kuwa alumina:

2Al + 3CO2 → Al2O3 + 3CO

Seli nzuri inapoteza kwa njia hii kama asilimia 6 hivi, kwa hiyo unavuna kama kilo 2,270. Kaboni lakini imeshaliwa yote 806, haijali kwamba alumini ilirudi. Ndo maana ukigawanya upya unapata kilo 355 kwa tani ya alumini badala ya 333. Na angalia hiyo monoksidi ya kaboni, CO. Watu wanaipima kwenye gesi ya seli na kusema "kumbe anodi inatoa CO", wakati sehemu kubwa imetokana na huku kurudi nyuma kwa alumini. Ukiangalia kanuni za usawa wa kemikali, kwenye nyuzi 960 kaboni na dioksidi zingependa zigeuke CO kwa wingi, ila hazipati muda, gesi inaundwa na kuondoka haraka, kwa hiyo kinachotoka kwanza kwenye uso wa anodi ni CO2. Faida ya kivitendo ni kwamba ukiona CO inaongezeka na CO2 inapungua kwenye gesi, unaweza kushuku kwamba alumini yako inaliwa tena.

Alafu kuna kaboni inayopotea bila kufanya kazi yoyote, na hapa ndo lile jibu la sekondari lina ukweli wake. Viwandani matumizi halisi yanazunguka kilo 400 mpaka 420 kwa tani, kwa hiyo kwa seli yetu ni zaidi ya kilo 900 kwa siku, na tofauti kati ya hizo na 806 ni kama kilo 100 na zaidi za hasara tupu. Sehemu ya juu ya anodi iliyotokeza nje ya kriolaiti ina joto la mamia ya nyuzi na hewa ikiifikia inaungua kama mkaa wa kawaida. Hiyo ndo kuungua kweli, na dawa yake ni kuifunika vizuri kwa unga wa alumina na kriolaiti iliyopondwa. Ukiona anodi imewiva nyekundu juu ya kifuniko, kifuniko kimeshatoboka. Njia nyingine ni CO2 yenyewe, inaingia kwenye vitundu vidogo vya kaboni na kuila kutokea ndani kuwa CO, umeme hauhusiki kabisa.

Na hapa kuna kitu nadhani ndo kizuri kuliko vyote kwenye habari ya anodi. Anodi inatengenezwa kwa punje za kaboni ngumu inayobaki kiwandani mafuta ghafi yakishasafishwa, zikigandishwa pamoja kwa lami ya makaa ya mawe, alafu zinaokwa kwenye nyuzi kama 1,100 au zaidi mpaka lami nayo inakuwa kaboni. Punje na lami iliyookwa zote ni kaboni, lakini lami inaliwa haraka kuliko punje. Hewa na CO2 zikimaliza gundi, punje zinabaki hazina wa kuzishika, zinaanguka. Sasa kaboni imetoka kwenye anodi bila kutoa elektroni hata moja, na inaelea kwenye kriolaiti kama vumbi jeusi. Vumbi hilo linaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, joto linaongeza kasi ya kuliwa, vumbi linazidi. Fundi anaona tabaka jeusi juu ya kimiminika na joto la seli linapanda bila sababu ya wazi, anajua seli yake imeanza kuumwa, na kuichota ile kaboni kwa mkono ni kazi ya jasho kweli kweli.

Kinachochochea hayo yote mara nyingi ni uchafu kidogo sana. Vanadiamu iliyokuja na mafuta ghafi inafanya kaboni iungue na hewa kirahisi zaidi. Sodiamu nayo ni hivyo hivyo, na inaingia kwa njia ya uvivu: anodi ikikaribia kuisha kinabaki kipisi, kama cha sigara, wanakitoa, wanakikwangua kriolaiti iliyoganda, wanakisaga na kukirudisha kwenye mchanganyiko wa anodi mpya. Wasipokikwangua vizuri sodiamu inaingia kwenye anodi mpya na mwezi ujao vumbi linaonekana kwenye seli, wakati huo kila mtu ameshasahau nani alisafisha vile vipisi.

Kipisi chenyewe kinatupa hesabu nyingine ya haraka. Anodi za seli hiyo kwa pamoja zina eneo la chini la kama mita za mraba 37, kaboni yake ina densiti kama 1.6, ukiondoa kilo 900 na kitu kwa siku zinapungua kwa karibu sentimita moja na nusu ya urefu. Tofali la sentimita 60 huwezi kulitumia mpaka mwisho, kwa sababu nondo za chuma zikigusa kriolaiti chuma kinaingia kwenye alumini na kinaharibu daraja lake, na kukitoa tena ni shida. Kwa hiyo unaacha sentimita 15 au 20. Umebaki na kama 40, gawanya kwa moja na nusu, siku 26 hivi. Ndo zile "wiki tatu mpaka nne" zinazoandikwa kila mahali bila maelezo. Seli haibadilishwi anodi zote kwa mkupuo, zinabadilishwa moja moja kwa zamu, manake anodi mpya ni baridi, ikiingia kriolaiti inaganda kwenye uso wake na kwa saa nyingi haipitishi umeme wa maana, zile nyingine zinambebea mzigo. Na wakati wote huo mtambo unazishusha anodi polepole ili ile nafasi ya sentimita 4 au 5 isibadilike.

Kuna siku mmenyuko wenyewe unabadilika, na inasaidia kuelewa kwamba kaboni pale inasubiri oksijeni. Alumina ikipungua kwenye kimiminika mpaka chini ya asilimia 2 hivi, oksijeni haifiki ya kutosha kwenye anodi kwa mkondo mkubwa namna ile. Umeme lakini hausubiri, seli zimeunganishwa mfululizo na ampia 300,000 lazima zipite. Basi kaboni inaanza kushikana na floridi badala yake, zinatoka CF4 na C2F6, uso wa anodi unafunikwa na gesi isiyotaka kuachia, na volti inaruka kutoka 4 mpaka 30 au hata zaidi. Hii inaitwa athari ya anodi. Zamani walikuwa wanafunga balbu kwenye kila seli, balbu ikiwaka ghafla unajua ni seli ipi, unamwaga alumina na kuchomeka mti mbichi chini ya anodi, mvuke na gesi za ule mti zinafukuza lile tabaka. Siku hizi kompyuta inafuatilia ukinzani wa seli na kulisha alumina kidogo kidogo kabla ya kufika huko. CF4 ni gesi ya kuogopwa, kwa kuteka joto angani inazidi dioksidi ya kaboni kwa maelfu ya mara na inakaa huko makumi ya maelfu ya miaka, kwa hiyo dakika chache za athari ya anodi zina gharama kubwa kuliko zinavyoonekana.

Sasa turudi kwenye lile swali, si watumie kitu kisicholiwa? Jaribu kuchagua. Karibu metali yoyote ikipata oksijeni kwenye joto hilo inavaa oksidi, na kriolaiti kazi yake, kama tulivyoona kwa udongo wa Hall, ni kumumunya oksidi. Chuma, nikeli, shaba, zote oksidi zake zinaingia kwenye kimiminika japo kidogo, na zikishaingia hazikai, kwa sababu kila mojawapo inapokea elektroni kirahisi kuliko alumini. Zinashuka moja kwa moja kwenye dimbwi. Anodi inayoliwa polepole sana bado inakuchafulia metali. Kaboni ina bahati moja ambayo metali hazina: oksidi yake ni gesi. Inaliwa, lakini inaondoka kupitia juu, haiachi kitu kwenye alumini zaidi ya ule uchafu mdogo iliokuja nao, na ndo maana wanatumia kaboni ya mafuta iliyo safi, makaa ya mawe ya kawaida yana majivu mengi na sehemu kubwa ya majivu hayo ingeishia kwenye metali.

Watu wanaendelea kujaribu. Kampuni za Alcoa na Rio Tinto zilianzisha kampuni ya pamoja ya ELYSIS mwaka 2018 kwa ajili ya anodi isiyoliwa, na ikifanya kazi kinachotoka juu ya seli ni oksijeni badala ya karibu tani 3 za dioksidi ya kaboni ambazo seli yetu ingetoa kwa siku kutokana na zile kilo 806 peke yake. Hakuna kubadilisha anodi kila baada ya wiki tatu au nne, hakuna vumbi jeusi, na CF4 haina kaboni ya kutokana nayo. Lakini rudi kwenye volti: sasa unavunja alumina kuwa oksijeni, kwa hiyo kiwango cha chini ni 2.2 tena. Ile volti moja iliyokuwa inalipwa na kaboni, kwa kila kilo ya alumini ni kama kilowati-saa 3, ukilinganisha na 13 hivi zinazotumika sasa. Sehemu yake inarudi kwa sababu anodi kama hizo hazihitaji kusukumwa sana kutoa oksijeni, ile nusu volti inapungua, na iliyobaki lazima itafutwe kwenye ukinzani wa kriolaiti, yaani kuleta anodi na kathodi karibu zaidi na kupanga seli upya ili joto lisikimbie. Kwa hiyo ukisikia wanatengeneza anodi mpya, ujue wanachora na seli mpya ya kuizunguka.